Mteja kakuchunia siku tisa, meseji unaiandikaje

Mimi fundi cherehani, nashona sare za shughuli, na nyingi nawatolea watu zikiwa na deni. Kuna dada alichukua sare 14 za vitenge za sherehe ya ukoo wao, moja 35,000, jumla 490,000, kianzio alitoa 300,000, ikabaki 190,000 akasema Jumanne naweka. Jumanne ikapita. Nikamtumia "Mambo dada", kimya, kesho yake "Dada vipi?", kimya, siku ya sita nikamtupia "???" na siku ya tisa nikakaa nikaandika hivi:

"We dada mbona huna utu, sare mmevaa mmepiga mapicha mi nimekesha nashona, meseji unasoma unanikaushia, kama hela huna ungesema usinifanye mjinga."

Sikuituma, bahati tu. Nilichofanya baada ya hapo ndo nawaelekeza.

Hatua ya kwanza, hasira ziandike lakini sio kwenye chati yake. Andika kwenye noti za simu au jitumie mwenyewe, maana kidole kikiteleza hata ukifuta inabaki alama kwamba umefuta kitu na atajua tu ulimtukana.

Ya pili, isome kama inamhusu mtu mwingine, bakisha yale ambayo hata yeye hawezi kubisha. Kwenye ile yangu "huna utu" inatoka, kukesha inatoka (hiyo ni kazi yangu, analipia sare halipii usingizi wangu), "unasoma" nayo inatoka. Hii ya kusoma wengi wanakosea, mtu akizima tiki za bluu anaweza kusoma usione, na zikiwa bluu pengine kashika simu mtoto wake, sasa ukimwambia "naona umesoma" mnaanza kubishana habari ya tiki badala ya hela. Ikiwa tiki ni moja tu siku mbili tatu basi haijamfikia, bando limeisha au simu imezima au kakublok, hapo tuma meseji ya kawaida, usihesabu kwamba kakuchunia.

Nilipochuja zikabaki sare 14, 190,000 na Jumanne. Basi.

Ya tatu ndo yenye kazi. Salamu na shida viwe kwenye meseji moja. "Mambo dada" peke yake kwa mtu anayedaiwa ni mlango wa mwenye nyumba unagongwa, anajua kinachofuata kwahiyo hafungui. Alafu mpe jibu ambalo ni rahisi kulitoa, kwasababu mara nyingi anayenyamaza hajakudharau, hela yote hana na anaona aibu kuja na nusu, na wewe ukidai yote anazidi kujificha. Nikaandika hivi:

"Dada yangu habari za tangu juzi, poleni na shughuli. Nakukumbusha ile 190,000 iliyobaki ya sare 14, tulisema Jumanne ya wiki iliyopita. Kama yote haijakaa sawa sio mbaya, unaweza kuanza na nusu tarehe 25 na nyingine tarehe 5. Nikuandikie hivyo?"

Angalia mwisho, swali moja tu na linajibika kwa "sawa". Na haina "samahani kwa usumbufu", ukidai chako usiombe msamaha, unamfundisha kwamba unamsumbua.

Muda nao uangalie, mi natuma saa nne asubuhi siku ya kazi, usiku situmi kabisa kwasababu mtu kachoka na anayedaiwa usiku anakasirika. Ukituma kaa siku tatu kamili bila kuongeza hata emoji. Hajajibu, ya pili iwe na kitu kipya, usirudie "nakumbushia tena": mtumie picha ya ukurasa wa daftari palipoandikwa kianzio chake, na umwambie "kesho saa tano ntakupigia dakika mbili tupange". Alafu piga kweli saa tano, ukisema unapiga usipopiga ndo umeisha. Ila usimuweke status wala usiandike kwenye grupu la ukoo wao, nilishafanya hivyo kwa mteja mwingine, alilipa siku hiyohiyo na grupu zima halijawahi kurudi kwangu tena.

Huyu dada ya kwanza hakujibu. Ya pili yenye picha ya daftari akajibu ndani ya saa moja kabla hata sijapiga, kumbe ndugu zake wanne hawakumpa hela za sare zao na yeye ndo alikuwa kadhaminia wote. 140,000 hizo. Tarehe 25 akaweka laki, tarehe 5 akaweka 70,000. Imebaki 20,000, Alhamisi saa nne namwandikia.