Kumpakia mtoto kwenye pikipiki: pima kwanza, kisha washa

Naendesha bodaboda Morogoro, na abiria ninaowaogopea zaidi ni wanafunzi. Hapa Tanzania kanuni za usafirishaji wa pikipiki zinakataza kubeba mtoto aliye chini ya miaka 9. Lakini miaka peke yake haitoshi, kwa hiyo kila mtoto mgeni nampima hivi.

Hatua ya kwanza ni miguu, pikipiki ikiwa imezimwa. Kunjua vikanyagio vya nyuma, mpandishe upande wa kushoto, mbali na ekzosi. Akiketi hadi nyuma ya mgongo wako, nyayo zote mbili zikae bapa juu ya vikanyagio. Kisha mwambie ainue makalio kidogo kwa nguvu za miguu. Asipoweza, au akigusa kwa vidole tu, bado hajafika. Tuta dogo litamrusha, na mguu unaoning'inia hutafuta pa kukanyaga, mara nyingi kwenye spoku.

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea binti wa miaka 10. Umri ulikuwa sawa, lakini visigino vilibaki hewani. Mama akaomba nimweke mbele kwenye tangi. Nilikataa: huko mtoto hubana usukani, na ukigonga kitu, yeye ndiye anayekutana nacho kwanza. Walipanda daladala.

Hatua ya pili ni helmeti. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kichwani mwake, ipite juu kidogo ya nyusi na kwenye sehemu iliyotokeza kisogoni. Ukipata sentimita 53, tafuta helmeti iliyoandikwa 53 ndani. Ya mtu mzima ya 58 itamwacha kichwa kikicheza. Funga mkanda ubakize nafasi ya vidole viwili chini ya kidevu. Sasa sukuma helmeti kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka nyusi au ikitoka kichwani, haifai. Usijazie kitambaa ndani, maana mgongano ukija itahama tu. Nywele zilizosukwa mafundo makubwa nazo huinua helmeti, kwa hiyo pima na msuko wake.

Begi livaliwe mabega yote mawili, sketi na kamba za viatu viwekwe mbali na cheni. Mikono yake izunguke kiuno chako. Akishindwa kukufikia vizuri, ashike mkanda wa suruali.

Barabarani, achia klachi taratibu, kwa sababu mtoto mwepesi hurudi nyuma ukiondoka kwa kishindo. Anza kupunguza mwendo mapema, ukitumia breki zote mbili kwa upole. Kipimo changu ni helmeti yake: ikigonga mgongo wangu, nimefunga breki vibaya. Tuta nalipanda kwa gia ya kwanza.

Ukihisi helmeti imekulemea mgongoni na mikono imelegea, mtoto amesinzia. Simama pembeni, mshushe, atembee hadi achangamke. Akisinzia tena, piga simu kwa mzazi amfuate hapo mlipo.