Kupima krimu ya steroidi kwa ncha ya kidole: ukurutu wa mtoto

Maelekezo ya "paka kidogo" huwafanya wazazi wengi wapake kidogo mno. Ngozi haitulii, matibabu yanarefuka, na dawa inasemwa haifanyi kazi. Kipimo cha ncha ya kidole kinaondoa kubahatisha.

1. Pima eneo. Bana vidole vyako pamoja, kisha weka mkono wako juu ya sehemu zenye ukurutu. Hesabu zinafunikwa na viganja vingapi, vidole vikiwemo. Anayepima ni mtu mzima. Kiganja cha mtoto hakitumiki.

2. Kamua dawa. Tumia tyubu yenye mdomo wa upana wa milimita 5 hivi. Kamua mstari mmoja kwenye kidole chako cha shahada, kuanzia nchani hadi mkunjo wa kwanza. Hicho ni kipimo kimoja, karibu nusu gramu, na kinatosha viganja viwili.

Tuseme mtoto wa miaka miwili ana ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, jumla viganja vitatu. Anahitaji kipimo kimoja na nusu, yaani gramu 0.75 hivi. Akipakwa mara moja kwa siku kwa wiki nzima, atatumia gramu 5 na zaidi kidogo, kwa hiyo tyubu ya gramu 15 inatosha karibu wiki tatu. Ikiwa baada ya wiki tyubu bado imejaa, unapaka pungufu.

3. Paka. Nawa mikono, gawa dawa kwa vidoto juu ya sehemu zilizoathirika tu, kisha isambaze taratibu mpaka ngozi ing'ae kidogo. Mafuta ya kulainisha ngozi yapakwe mwili mzima, lakini yaachane na steroidi kwa dakika 15 hadi 30. Ukiyapaka papo hapo, yanaipunguza nguvu dawa na kuisambaza kwenye ngozi nzima.

4. Mara ngapi? Mara moja kwa siku kwa kawaida inatosha. Mara mbili ikiwa daktari ameagiza. Kuzidisha hapo huongeza madhara kama ngozi kuwa nyembamba, si kasi ya kupona. Dawa ya mwilini usiipeleke usoni bila kuulizia, kwani ngozi ya hapo ni laini na kwa kawaida hupewa steroidi hafifu.

5. Lini uache? Endelea saa 48 baada ya ukurutu kutulia. Tumia vidole kuamua, si macho: ngozi iwe laini na mtoto asijikune. Kwenye ngozi nyeusi, mabaka meupe au meusi huweza kubaki kwa miezi baada ya ukurutu kupoa, na steroidi haiyaondoi. Wengi huendelea kupaka kwa sababu hiyo tu.

Ukurutu usipopungua ndani ya wiki moja hadi mbili, au ukitoa majimaji na magaga ya manjano, mrudishe kliniki. Malengelenge madogo yenye maumivu yanayosambaa haraka, hasa mtoto akiwa na homa, yanahitaji daktari siku hiyohiyo.