Somo: Kapsheni ya wakala wa vyuo vya nje isiyoahidi udahili wala viza

Msimu wa maombi ya Septemba ukikaribia, kurasa za mawakala hujaa posti za namna hii:

"SOMA UINGEREZA SEPTEMBA! Udahili wa uhakika, viza asilimia 98. Tunashughulikia kila kitu, wewe andaa begi tu. Nafasi chache, njoo inboksi!"

Leo tuichambue posti hii kisha tuiandike upya. Nimechukua Uingereza kwa sababu utaratibu wake unaonyesha wazi nani anaamua nini.

Hatua ya 1: Jua kila uamuzi ni wa nani

Chuo husoma vyeti na kuamua kama kitoe barua ya udahili, ambayo mara nyingi huja na masharti, kwa mfano alama za mtihani wa Kiingereza. Mwanafunzi akishatimiza masharti na kulipa malipo ya awali, chuo kinaamua tena: kimpe CAS au kisimpe. CAS ni uthibitisho wenye namba, na bila namba hiyo hawezi kuomba viza ya mwanafunzi. Vyuo vingine humhoji na kukagua fedha zake kwanza. Mwisho kabisa, serikali ya Uingereza inaamua viza, nayo inaweza kumhoji pia. Hayo ni maamuzi matatu, na wakala hana hata moja lililo mikononi mwake.

Hatua ya 2: Andika kazi unayoifanya kwa mikono yako

Hapa ndipo kapsheni inapopata nguvu, na ndipo mawakala wengi wanapopita haraka. Kaa na daftari uandike unachomfanyia mwanafunzi tangu siku ya kwanza. Unalinganisha matokeo yake na sifa za kozi. Unasoma barua yake ya kujieleza na kumwonyesha palipo dhaifu, ila anaiandika mwenyewe. Unamkumbusha cheti cha uchunguzi wa kifua kikuu, kinachotakiwa kwa wakazi wa Tanzania na Kenya wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi 6.

Kisha kuna taarifa ya benki, na kwa maoni yangu hii ndiyo huduma yenye thamani kuliko zote. Kiasi kinachotakiwa lazima kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isizidi siku 31 kabla ya kutuma maombi. Familia nyingi huingiza fedha, halafu katikati hutoa kidogo kwa ajili ya msiba au ada ya mdogo mtu, wakiamini wakirudisha mambo yatakuwa sawa. Hayawi sawa. Hesabu ya siku inaanza upya. Wakala anayeligundua hilo kabla ya maombi kutumwa amefanya kazi ya kweli, na anaweza kuisema hadharani.

Hatua ya 3: Ondoa maneno yanayoahidi uamuzi wa mwingine

Turudi kwenye posti yetu. "Udahili wa uhakika" ni uamuzi wa chuo, kwa hiyo futa. "Viza asilimia 98" ifutwe hata kama hesabu yako ni ya kweli. Msomaji hajui uliwahesabu akina nani, wala kama waliokata tamaa kabla ya kuomba wamo. Anachosikia ni kwamba viza yake iko karibu mkononi.

"Tunashughulikia kila kitu" inaonekana haina madhara, lakini ndiyo mbaya kuliko zote. Inamfanya mzazi aamini kwamba hata taarifa ya benki ni kazi ya ofisi yako, na hapo ndipo nyaraka za kughushi zinapoingia. Mwombaji akibainika amedanganya, anaweza kufungiwa kuingia Uingereza kwa miaka 10. Adhabu hiyo inamwangukia kijana, si wakala.

Kwa walioko Tanzania, kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara.

Hatua ya 4: Andika upya, ukweli ukae juu

Instagram huonyesha mistari michache tu kabla ya msomaji kubofya kuona zaidi. Ukificha tahadhari chini kabisa, baada ya alama za reli, wengi hawataifikia. Hii hapa posti yetu mpya:

"Unaomba chuo Uingereza kwa Septemba? Tunakusaidia kuandaa maombi. Chuo ndicho kinachoamua udahili, na serikali ya Uingereza ndiyo inayoamua viza.

Kazi yetu: kulinganisha matokeo yako na sifa za kozi, kupitia barua yako ya kujieleza, kufuatilia majibu ya chuo, na kukagua taarifa ya benki na nyaraka nyingine kabla hujatuma maombi ya viza.

Kazi yako: kuandika barua yako, kuleta nyaraka halisi, na kujibu mahojiano mwenyewe.

Mwanafunzi hatulipi, tunapokea kamisheni kutoka kwa vyuo tunavyoviwakilisha, na orodha yake tutakuonyesha. Ada ya viza, uchunguzi wa afya na mtihani wa Kiingereza unalipa mwenyewe. Njoo na matokeo yako, tuyasome pamoja."

Kama unatoza ada, andika kiasi hapo hapo. Kabla ya kuchapisha, msomee mzazi asiyeijua kazi yako, halafu muulize: "Ukija kwetu utapata nini?" Akijibu "viza", rudi ukaandike tena.

Maswali ya wanachama

*Swali, Mwanza: Mwalimu, wenzetu wanaahidi, sisi tukisema ukweli wateja si watakimbia?*

Baadhi watakwenda, ndugu yangu, sitakuficha. Lakini tahadhari tupu ndiyo inayofukuza watu. Weka posti nzima kuhusu zile siku 28, kwa mfano halisi wa kalenda. Mzazi akiona unajua kitu ambacho hakukisikia kwingine, atapiga simu.

*Swali, Arusha: Naweza kuweka picha ya pasipoti yenye viza ya mwanafunzi wetu?*

Usiweke. Kwanza inaanika taarifa zake binafsi. Pili, picha hiyo inaahidi hata kama maneno yako yamenyooka. Akikuruhusu, nukuu anavyoeleza kazi mliyofanya naye, mfano jinsi mlivyoirekebisha barua yake.

*Swali, Mombasa: Mteja anasema fedha ziko kwa mjomba wake. Nimjibuje kwenye maoni bila kumvunja moyo?*

Mwambie wazi: akaunti inayokubalika ni yake mwenyewe, ya mzazi au ya mlezi wa kisheria; ya mwenzi wake pia inakubalika kwa masharti. Ikiwa ya mzazi, aambatishe cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kuridhia. Mjomba asiye mlezi kisheria anaweza kumpa mzazi fedha hizo, kisha siku 28 zihesabiwe kwenye akaunti ya mzazi, na asili ya fedha ielezwe kwa ukweli. Na usiandike "usijali, itatoka". Jibu moja la namna hiyo, au sauti moja ya WhatsApp, linafuta kapsheni yote.

*Swali, Dodoma: Ofisi yetu hutoza ada. "Viza ikikataliwa tunarudisha pesa", hiyo nayo ni ahadi?*

Si ahadi ya viza, lakini taja pesa zipi. Ada ya ofisi yako unaweza kuirudisha. Ada ya maombi ya viza hairudi maombi yakikataliwa. Tozo ya huduma ya afya iliyolipwa pamoja na maombi hurudishwa na serikali ya Uingereza yenyewe. Malipo ya awali ya chuo yanafuata kanuni za chuo husika, kwa hiyo mpe mzazi kanuni hizo azisome kabla hajalipa.