Tangazo la likizo ya Krismasi: anza na kazi, si majina

Ukiandaa ratiba ya likizo ya mwisho wa mwaka, safu ya kwanza ya jedwali iwe kazi, si jina la mtumishi. Andika "Malipo ya wazabuni", kisha anayeikaimu, tarehe, namba ya simu, na wa akiba asipopatikana. Mwenye ankara mkononi hamjui mhasibu wenu kwa jina; anatafuta malipo. Tena pengo hujionyesha lenyewe. PAYE ya Desemba, kwa mfano, inatakiwa ifike TRA kabla ya tarehe 7 Januari kupita. Mhasibu akirudi tarehe 8, kisanduku cha kazi hiyo kitabaki kitupu mbele ya macho yako, jambo ambalo orodha ya majina ingelificha.

Usiandike "likizo hadi 2 Januari", maana mmoja ataelewa anarudi tarehe 2, mwingine tarehe 3. Andika "anarudi kazini Jumatatu" na tarehe yake. Namba nazo zipigie zote kabla ya kubandika tangazo. Ya aliyekwenda kijijini mara nyingi haipatikani, ndiyo maana laini ya ofisi ni bora ibaki kwa aliye zamu.

Mbinu hii hukwama pale kaimu anapopewa kazi bila mamlaka. Kama benki inataka sahihi mbili na watia sahihi wote wamesafiri, jina lake kwenye jedwali halitalipa kitu. Hao wapishanishe likizo kwanza, wengine wafuate.