Kete nyeusi dhidi ya e4: chunga h4

Katika chesi, mpinzani akifungua kwa e4, mimi nakushauri ushike ulinzi wa Caro-Kann: c6, kisha d5. Uzuri wake ni kwamba askofu wako wa upande wa malkia hutoka kabla hujamfungia njia kwa e6. Ila akisukuma e5 nawe ukamweka askofu f5, yaani Bf5, tazama kama atacheza h4. Jumamosi moja hapa Nairobi nilijibu e6 kwa mazoea: g4, Be4, f3, Bg6, h5, na askofu wangu akakosa pa kukimbilia. Wewe jibu h4 yake kwa h5 papo hapo, umzuie yule askari. Akileta Bd3, badilishaneni maaskofu, kisha ucheze e6 na kutafuta nafasi ya c5.