Kabla Hujaanza Kutafuta Integrali: Nyumbu wa Serengeti na Mlinganyo wa Ukuaji Wenye Kikomo

Anza na kipimo. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa karibu 260,000. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeanza kutoweka baada ya ng'ombe wa jirani kuchanjwa, ndama wakaacha kufa kwa wingi, na kufikia 1977 kundi lilikuwa karibu milioni 1.3. Tuite idadi ya nyumbu P, na t iwe miaka tangu 1961. Tukihesabu kwa maelfu, P ya mwanzo ni 260. Iandike pembeni ya karatasi pamoja na kipimo chake, kwa sababu anayechanganya maelfu na nyumbu mmoja mmoja hupata thabiti isiyo na maana na hajui kosa limetokea wapi.

Pili, tazama mlinganyo umevaa nguo gani. Verhulst, Mbelgiji aliyeutoa mwaka 1838, alikuwa na wazo jepesi: kundi hukua kwa kadiri ya ukubwa wake, lakini hujibana lenyewe linapojaa. Mtihani hupenda kuuficha hivi (namba nimezichagua zikokotoleke kirahisi):

```
dP/dt = 0.26P − 0.0002P²
```

Kabla ya lolote, uliza ni wakati gani upande wa kulia unakuwa sifuri. Ni P = 0, au P = 0.26/0.0002 = 1300. Yaandike majibu hayo mawili sasa hivi, maana muda si mrefu utagawanya kwa P na kwa 1300 − P, na yote mawili yatapotea kimyakimya. Hiyo 1300 ndiyo K, yaani idadi ambayo malisho yanaweza kuibeba. Umeshaijua, kwa hiyo jibu la mwisho lisipokurudishia 1300, umekosea njiani.

Sasa tenganisha: P zote upande mmoja, t upande wa pili. Upande wa kulia ni 0.26P(1300 − P)/1300, basi acha 1300 ibaki juu pamoja na dP. Ukifanya hivyo, kuvunja sehemu kuwa mbili kunatoka safi:

```
1300/(P(1300 − P)) = 1/P + 1/(1300 − P)
```

Hakikisha kwa kuzijumlisha tena: kiasi kinakuwa 1300 − P + P. Ukiihamisha 1300 upande wa t itakubidi uburute 1/1300 hadi mwisho, na hapo ndipo wengi huidondosha.

Hatua inayofuata ndiyo inayoua watu. Integrali ya 1/(1300 − P) ina alama ya kutoa, yaani −ln|1300 − P|, kwa sababu P iliyo kwenye asili imetanguliwa na kutoa. Ukisahau, utapata P(1300 − P) ikikua bila kikomo. Lakini zao hilo haliwezi kuzidi 650 × 650! Ukianza na 260 × 1040, jibu lako linakufa kabla ya miaka miwili kuisha. Ukilijaribu kwa t = 2 kosa litajitokeza lenyewe.

Alama ikiwa sahihi, logi mbili zinaungana kuwa P/(1300 − P) = Ae^(0.26t). A ni thabiti ya integrali; itafute hapa hapa, usisubiri: t ikiwa 0, A = 260/1040 = 1/4. Kisha fungua P:

```
P = 1300/(1 + 4e^(−0.26t))
```

K isome kwa kuipeleka t mbali sana. Kipeo kinazimika, asili inabaki 1, P inakuwa 1300. Usizoee tu kuchukua namba iliyo juu: 2600/(2 + 8e^(−0.26t)) ni grafu ileile, na K bado ni 1300. Kama kundi lingeanza juu ya 1300, A ingekuwa hasi na grafu ingeshuka kuelekea K ileile.

Mwisho, pima jibu dhidi ya nyumbu wenyewe. Kwa t = 16, yaani 1977, tunapata karibu milioni 1.22, na hapo unaweza kushawishika kutabasamu. Ila kwa t = 10 tunapata karibu milioni moja, wakati sensa za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zikihesabu takriban laki saba. Katika miaka hiyo mvua ya kiangazi iliongezeka, na nyasi za kiangazi ndizo zinazoamua nyumbu wangapi watafika msimu unaofuata. Maana yake K yenyewe ilipanda, wakati sisi tuliichukulia kama thabiti ili integrali itoke. Ukame wa 1993 uliwashusha tena hadi chini ya milioni moja.