Somo: Kulainisha Ujumbe Mkavu wa Kazini Bila Kulegeza Agizo

Ujumbe tutakaoufanyia kazi ni wa mhasibu kwa mfanyakazi aliyerudi safarini: "Leta risiti za safari leo kabla ya saa kumi. Bila hizo hulipwi." Hauna tusi wala kosa la sarufi, lakini anayeupokea huhisi amekaripiwa.

Hatua ya kwanza. Kabla ya kugusa neno lolote, andika pembeni mambo yasiyoruhusiwa kubadilika. Hapa yapo manne: kinachotakiwa ni risiti za safari, wa kuzileta ni mpokeaji mwenyewe, mwisho ni leo kabla ya saa kumi, na zisipofika malipo hayatoki. Asiyeandika orodha hii mara nyingi hujikuta amelainisha hata muda.

Hatua ya pili. Shughulikia kitenzi. "Leta" ni amri tupu, na kuitangulizia "tafadhali" hakusaidii sana, kwani kwa maandishi, pasipo sauti wala uso wa msemaji, "Tafadhali leta risiti" huweza kusomeka kama onyo la mwisho. Kinachosaidia ni kutanguliza "naomba" na kukifanya kitenzi kiwe cha ombi: "Naomba uniletee risiti." Hapa ndipo wengi huvuka mpaka, wakaongeza "ukipata nafasi" au "kama itawezekana". Maneno hayo yana adabu, lakini yanampa mpokeaji hiari ambayo mhasibu hakuitoa. Akija kesho asubuhi na kusema hakupata nafasi, hana kosa.

Hatua ya tatu. Mwondoe mtu kwenye makali ya sentensi, uyaache matokeo yenyewe. "Hulipwi" humlenga mtu kifuani, ilhali "malipo hayatatoka" husema jambo lilelile likielekea kwenye fedha. Usiandike "malipo yanaweza kuchelewa", maana kuchelewa na kutotoka ni mambo mawili tofauti, na mpokeaji atapanga siku yake kwa kufuata lile ulilomwandikia.

Hatua ya nne. Weka salamu moja fupi, kisha ulinganishe na orodha yako: "Habari za kazi, ndugu. Naomba uniletee risiti za safari leo kabla ya saa kumi, kwa kuwa bila hizo malipo hayatatoka." Yote manne yamo.

Ujumbe mgumu wa kiofisi hutibiwa kwa kupunguza, si kwa kuongeza. Chukua huu: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Unajulishwa kuwa kikao tajwa kilichopangwa kufanyika Jumanne kimeahirishwa hadi Alhamisi saa tatu asubuhi, hivyo unatakiwa kuhudhuria bila kukosa." Sentensi ya kwanza ni mazoea ya barua rasmi na katika simu haina kazi, "tajwa" nalo halihitajiki, na "unajulishwa" humficha anayejulisha. Yakiondolewa hayo unabaki na: "Habari za kazi. Kikao cha Jumanne kimeahirishwa hadi Alhamisi saa tatu asubuhi. Tafadhali usikose." Ukiandika "karibu sana" mahali pa "usikose", wajibu umegeuka mwaliko. (Nimeliacha "kimeahirishwa" kwa makusudi, kwa sababu kila mtu analielewa, na si kila neno la ofisini ni gumu.)

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu wangu wa idara ni mama mtu mzima, na hati ya malipo imekaa mezani kwake bila saini. Nikiandika "naomba usaini" naona kama namsukuma.

Jibu: Anza na shikamoo, kisha eleza hali ya hati badala ya kueleza asichokifanya yeye: "Shikamoo mama. Ile hati ya malipo bado inasubiri saini yako, na benki wanaihitaji leo kabla ya saa tisa." Ombi litaeleweka bila kutajwa, mradi saa ibaki wazi.

Swali: Je, kuna ujumbe usiofaa kulainishwa?

Jibu: Upo. Fundi akiwa ndani ya mashine, "Usiwashe umeme" ibaki hivyohivyo na iwe ya kwanza, hata kabla ya salamu. Anayesoma mstari wa juu tu kwenye kioo cha simu asiishie kwenye "Habari za mchana".

Swali: Nililainisha ujumbe kama ulivyofundisha, nikajibiwa "sawa", na kazi haikuletwa. Je, nirudi kwenye ukali?

Jibu: Tazama kwanza saa uliiweka wapi. Ikiwa imezama katikati ya salamu, shukrani na maelezo, huenda hakuiona. Mwandikie tena kwa sentensi moja yenye kitu na saa tu, umwombe akutajie muda atakaoileta kazi, kwa kuwa "sawa" haitoshi kujibu swali la "saa ngapi?"